Vitabu 73 na vitabu 66: nani aliongeza, nani alipunguza?

Msomaji wa Kirumba

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Kikundi chetu cha kusoma Biblia hapa Kirumba, Mwanza, kina Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na waumini wa AIC, na kila juma mmoja wetu huchagua somo. Juma lililopita zamu ilikuwa ya mama mmoja Mkatoliki, naye akachagua Yoshua bin Sira sura ya 38, ile inayosifu kazi ya tabibu. Nusu ya waliokuwepo walipekua kuanzia Mhubiri hadi Isaya wasikione kitabu hicho. Papo hapo ubishi ukazuka: mmoja akasema Luther ndiye aliyevitoa vitabu saba, mwingine akasema Roma ndiyo iliyoviongeza ili kumjibu Luther.

Sitafuti mshindi. Naomba wenye elimu ya jambo hili wanieleze mfuatano wenyewe: ni nani alizipanga orodha hizi, lini, kwa sababu gani, na ilikuwaje zote mbili zikatufikia huku Ziwani.

Igoma Kwetu

Kaka, jibu lako ni fupi. Kwa miaka 1500 Wakristo wote walikuwa na vitabu 73 wala hapakuwa na mtu aliyevitilia shaka. Martin Luther alipoona kwamba Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinafundisha kuwaombea marehemu, na yeye hataki kusikia habari za toharani, akaking'oa pamoja na vingine sita. Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534 ndiyo chanzo cha upungufu huo.

Mtumishi wa Pasiansi

Bwana Yesu asifiwe. Ndugu wa Igoma, naheshimu imani yako, lakini historia haisemi hivyo. Warumi 3:2 inatuambia kwamba Wayahudi ndio waliokabidhiwa mausia ya Mungu, na Agano la Kale la Wayahudi ni lilelile la vitabu 39 tulilo nalo sisi. Marabi waliokutana katika mji wa Yamnia mwaka 90 walifunga orodha hiyo, na vitabu saba vikabaki nje. Roma haikuwahi kuvitamka rasmi kuwa Maandiko hadi Mtaguso wa Trento mwaka 1546, yaani baada ya Luther kuanza kuuliza maswali. Kitu kilichotangazwa mwaka 1546 kitasemwaje kuwa kimetolewa mwaka 1534?

Mwalimu wa Bukumbi

Ndugu zangu, nimefundisha somo hili kwa muda mrefu na naomba tulichukue polepole, kwa maana kila mmoja wenu ameshika kipande cha kweli, na vipande hivyo vikigonganishwa bila mpangilio vinazaa ubishi ule uliotokea Kirumba.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa sababu idadi zinapotosha. Wayahudi hawahesabu vitabu 39, wanahesabu 24. Chukua orodha ya 39 iliyo katika Biblia ya Mtumishi. Manabii wadogo kumi na wawili, kuanzia Hosea hadi Malaki, kwao ni gombo moja. Umebaki na 28. Samweli wa kwanza na wa pili ni kitabu kimoja, Wafalme vilevile, Mambo ya Nyakati vilevile. Umebaki na 25. Ezra na Nehemia ni kitabu kimoja, umefika 24. Hakuna hata mstari mmoja uliopotea njiani. Mwanahistoria Myahudi Yosefo Flavio, aliyeandika mwishoni mwa karne ya kwanza, alisema vitabu ni 22, na inaelekea aliunganisha Ruthu na Waamuzi, na Maombolezo na Yeremia. Kwa hiyo Mtumishi yuko sahihi kwamba yaliyomo katika Agano la Kale la Kiprotestanti ni yaleyale ya Wayahudi, ingawa mpangilio na hesabu ni tofauti.

Tofauti halisi ni hii: Tobiti, Yudithi, Hekima ya Solomoni, Yoshua bin Sira, Baruku, na vitabu viwili vya Wamakabayo. Hivyo ni saba, na 39 na 7 ni 46, ukiongeza 27 vya Agano Jipya unapata 73. Pamoja na hivyo kuna nyongeza ndani ya Esta na Danieli ambazo watu husahau kuzihesabu kwa sababu hazibadilishi idadi. Habari ya Susana, kwa mfano, ni sura ya 13 ya Danieli kwa Mkatoliki, na kwa Mprotestanti Danieli anaishia sura ya 12.

Vitabu hivyo vilisomwa na Wakristo wa mwanzo kwa sababu Biblia yao ilikuwa ya Kigiriki. Hapo ndipo mambo yanapoanzia, na nitarudi baadaye kueleza mabishano ya Yeronimo na Augustino, walimu wawili wa Kanisa la kale, kwa maana yote yaliyofuata yametoka kwao wawili.

Mzee wa Nansio

Mwalimu, nakusoma kutoka huku Ukerewe. Lakini mbona hamuutaji Mtaguso wa Nikea? Mimi nimesikia tangu zamani kwamba mfalme Konstantino aliwakusanya maaskofu mwaka 325, wakaviweka vitabu mezani, wakapiga kura ya kuvichagua, na Kitabu cha Henoko wakakitupa kwa sababu kilisema habari za malaika walioasi. Naomba mnieleze kwa nini Henoko alitupwa.

Mwanafunzi wa Malimbe

Shikamoo Mzee wangu. Kanuni za Nikea zimehifadhiwa na zinasomeka hadi leo: zinazungumzia maaskofu, mapadri, waliokana imani wakati wa mateso, na mambo ya nidhamu. Hakuna hata moja inayotoa orodha ya vitabu vya Biblia, na mjadala mkuu wa pale ulikuwa juu ya Mwana na Baba. Kuhusu Henoko, waraka wa Yuda, aya ya 14, unamtaja na kuyanukuu maneno yake, lakini kitabu chake hakimo katika 73 wala katika 66. Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia ndilo linalokipokea hadi leo. Kwa hiyo habari ya Henoko ni swali lingine, tofauti na la vitabu saba.

Naomba pia niseme juu ya Yamnia. Kwamba palifanyika mkutano mwaka 90 uliofunga orodha ni dhana ya wasomi wa karne ya 19, ikisukumwa zaidi na Heinrich Graetz mwaka 1871, na tangu miaka ya 1960 wataalamu wengi wameiacha. Tulicho nacho ni kumbukumbu katika Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, kwamba marabi walibishana juu ya Mhubiri na Wimbo Ulio Bora. Hawakutoa orodha, na hawakujadili pale Tobiti wala Wamakabayo.

Lakini vilevile, Ndugu wa Igoma, si kweli kwamba Biblia ya Kigiriki ilikuwa na orodha moja iliyokubalika na wote. Tunazo nakala tatu kubwa za kale. Ile iitwayo ya Vatikano, ya karne ya 4, haina kitabu chochote cha Wamakabayo. Ile ya Sinai, ya karne hiyohiyo, ina cha kwanza na cha nne. Ile ya Aleksandria, ya karne ya 5, ina vyote vinne. Kama palikuwa na orodha iliyofungwa, waliozinakili hawakuwa na habari nayo.

Igoma Kwetu

Dada yangu, asante, lakini hayo ni makosa ya wanaonakili tu. Mababa wa Kanisa walikuwa na sauti moja.

Mwanafunzi wa Malimbe

Hawakuwa na sauti moja, Kaka. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria. Katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 alitoa orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya kamili, bila kupungua wala kuzidi, na kwa hilo Wakatoliki na Waprotestanti wote wanamtaja kwa furaha. Sasa soma anavyosema juu ya Agano la Kale. Anahesabu vitabu 22, kama herufi za Kiebrania. Baruku anamweka ndani pamoja na Yeremia, jambo ambalo Mtumishi hatalipenda. Tobiti, Yudithi, Hekima na Sira anaviweka kando, kuwa vitabu vya kuwasomea wanaoanza kufundishwa imani, jambo ambalo wewe hutalipenda. Na Esta naye anamweka kando pamoja nao, jambo ambalo hakuna kati yenu atakayelipenda.

Mama Kulwa

Wanangu, nawasoma kwa makini, ila mimi nina jambo lililo mbele yangu. Binti yangu anafunga ndoa katika parokia yetu, na mchumba wake ni kijana mwema wa AIC. Binti amechagua somo la kwanza liwe Tobiti sura ya 8, ile sala ya Tobia na Sara usiku wa arusi. Baba wa kijana amesema kwa upole kabisa kwamba hatapinga, lakini yeye hawezi kusimama kulisoma, kwa sababu kwake hilo si Neno la Mungu. Je, huyu mzee ana hoja ya kweli au ni mazoea tu? Maana nilimwambia kwamba kitabu hicho ni cha kale kuliko Agano Jipya lote.

Mwalimu wa Bukumbi

Mama Kulwa, hongera kwa arusi. Baba wa kijana ana hoja ya kale sana, na mtu aliyeipa nguvu kuliko wote ni mtakatifu wa Kanisa letu. Nitaieleza, maana nilikuwa nimeahidi kurudi hapo.

Yeronimo alipewa na Papa Damasi, mwaka 382, kazi ya kusahihisha Injili za Kilatini. Papa alipofariki, Yeronimo alihamia Bethlehemu mwaka 386, na huko akafanya jambo ambalo karibu hakuna Mkristo wa Magharibi aliyekuwa amelifanya: alijifunza Kiebrania kwa Wayahudi na kuanza kulitafsiri Agano la Kale moja kwa moja kutoka katika lugha hiyo badala ya Kigiriki. Kadiri alivyoendelea, aliona kwamba vitabu kadhaa vilivyosomwa kanisani havikuwamo katika magombo ya walimu wake. Katika utangulizi alioutia mbele ya Samweli na Wafalme alivihesabu vitabu vya Kiebrania, akasema kwamba chochote kilicho nje ya hivyo kiwekwe kwenye kundi la apokrifa, yaani vitabu vilivyo nje ya orodha ya Maandiko. Katika utangulizi mwingine, ule wa vitabu vya Solomoni, alitoa kanuni ambayo ilikuja kunukuliwa karne nyingi baadaye: kwamba Kanisa lisome vitabu hivyo kwa ajili ya kuwajenga watu, lakini lisivitumie kuthibitisha mafundisho ya imani.

Hata hivyo hakuvitupa. Maaskofu wawili marafiki zake walipomwomba awatafsirie Tobiti, alikubali, na mwenyewe anasimulia namna alivyofanya. Kitabu alichokuwa nacho kilikuwa cha Kiaramu, lugha ambayo hakuimudu vizuri, hivyo akamtafuta mtu aliyejua Kiaramu na Kiebrania. Yule mtu alisema kwa Kiebrania, Yeronimo akageuza kwa Kilatini, na mwandishi akaandika. Kazi yote ilimalizika siku moja. Yudithi alimshughulikia kwa usiku mmoja. Ukilinganisha na miaka aliyoitumia kwa manabii, unaona uzito aliowapa.

Upande wa pili wa bahari, huko Afrika Kaskazini, alikuwako Augustino, askofu wa Hipo. Yeye hakujua Kiebrania, na hoja yake haikutegemea lugha kabisa. Alisema kwamba Mkristo avipime vitabu kwa namna makanisa yanavyovipokea, na vile vinavyopokelewa na makanisa yote vitangulie vile vinavyopokelewa na baadhi. Kwa kipimo hicho aliorodhesha vitabu 44 vya Agano la Kale, ambavyo kwa yaliyomo ni sawa na 46 vya Wakatoliki wa leo. Kuhusu Wamakabayo aliandika wazi kwamba si Wayahudi bali ni Kanisa linalovihesabu kuwa ni vya kanoni, yaani orodha rasmi ya Maandiko, kwa sababu ya mateso ya wale mashahidi waliokufa kwa ajili ya sheria ya Mungu. Sinodi za Hipo mwaka 393 na Kartago mwaka 397 zilipitisha orodha hiyo, na Papa Inosenti wa Kwanza aliiandika katika barua kwa askofu wa Tuluzi mwaka 405.

Augustino alimwandikia Yeronimo kumweleza kwamba tafsiri yake mpya inaleta ghasia. Katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli ya Libya, askofu aliposoma Yona kwa tafsiri ya Yeronimo, waumini walisikia kwamba mmea uliomfunika nabii haukuwa mtango waliouzoea tangu utoto, wakafanya fujo hata askofu karibu abaki bila kundi. Kwa Augustino jambo hilo lilikuwa zito: Biblia ambayo watu wameisali haibadilishwi na mtu mmoja mwenye kamusi. Kwa Yeronimo lilikuwa dogo, kwani yeye alitaka kujua nabii aliandika nini.

Sasa shika jambo hili, Msomaji, maana ndilo linalofungua mengine yote. Katika Biblia ya Kilatini iliyotumika Magharibi miaka elfu moja iliyofuata, vitabu vyote vilivyopendwa na Augustino vilikuwamo, na tangulizi za Yeronimo za kuvitilia shaka zilinakiliwa humohumo. Mtawa aliyefungua Biblia moja alivikuta vitabu na pingamizi lake ndani ya jalada lilelile.

Mtumishi wa Pasiansi

Mwalimu, nakushukuru, na nakiri kwamba hukumficha Yeronimo. Lakini umenipa haki bila kusema. Kama pingamizi lilikuwamo miaka elfu yote hiyo, basi Luther hakuleta jambo jipya.

Mwalimu wa Bukumbi

Hakuleta shaka mpya. Aliifanyia shaka ya kale kazi mpya. Tuangalie tukio lenyewe, kwa maana hapo Ndugu wa Igoma ana sehemu yake ya haki.

Mwezi Julai 1519 Luther alikutana mjini Leipzig na Johann Eck, mwanateolojia hodari wa mabishano. Walifika kwenye toharani, na Eck akaleta 2 Wamakabayo sura ya 12. Habari yake ni hii: Yuda Mmakabayo na watu wake wanakwenda kuwazika wenzao waliouawa vitani, na chini ya nguo za kila maiti wanakuta hirizi za miungu ya Yamnia. Wanasali dhambi hiyo ifutwe kabisa, kisha Yuda anakusanya fedha, kiasi cha drakma elfu mbili kwa matini ya Kigiriki, na kuipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi. Mwandishi anaongeza kwamba alifanya vema, kwani alikuwa anafikiria ufufuko. Luther hakujibu kwamba kifungu hakisemi hivyo. Alijibu kwamba kitabu hicho hakimo katika kanoni, kwa hiyo hakiwezi kutumika kuthibitisha fundisho, akimtegemea Yeronimo. Kanuni iliyokuwa imelala ndani ya utangulizi ikageuka kuwa ngao.

Kwa hiyo ni kweli kwamba toharani ilikuwapo mezani. Si kweli kwamba aliking'oa. Biblia yake ya 1534 inavyo vitabu hivyo, vimekusanywa pamoja mwishoni mwa Agano la Kale chini ya kichwa kinachosema kwamba ni vitabu visivyohesabiwa sawa na Maandiko Matakatifu, lakini ni vya manufaa na vizuri kusomwa. Alivihamisha chumba, hakuvitoa nyumbani.

Na asidhani mtu kwamba upande wa Roma wote ulikuwa na neno moja wakati huo. Kardinali Kayetano, yuleyule aliyetumwa kumhoji Luther mjini Augsburg mwaka 1518, aliandika mwaka 1532, akimalizia maelezo yake juu ya vitabu vya historia vya Agano la Kale, kwamba maneno ya mitaguso na ya walimu yasahihishwe kwa kipimo cha Yeronimo. Hakuadhibiwa kwa hilo, na alifariki mwaka 1534 akiwa kardinali.

Ndiyo maana Trento ilikuwa na kazi ya kufanya. Hapo, Mtumishi, naomba nikupinge kwa heshima. Orodha iliyotangazwa tarehe 8 Aprili 1546 haikubuniwa pale. Ni ileile ya Mtaguso wa Florensi, iliyotolewa mwaka 1442 katika mapatano na Wakopti, miaka 41 kabla Luther hajazaliwa, na ile ya Florensi inarudi hadi Kartago. Kilichokuwa kipya mwaka 1546 ni kufuli: kwamba vitabu vyote vipokewe kwa heshima iliyo sawa, na asiyevipokea ahesabiwe kuwa nje. Kabla ya siku hiyo Mkatoliki aliweza kusema aliyoyasema Kayetano. Baada yake hakuweza tena.

Mtumishi wa Pasiansi

Hapo nimekuelewa vizuri, na nitaacha kusema kwamba viliongezwa. Lakini swali langu halijaondoka. Augustino anasema tuyaangalie makanisa, Yeronimo anasema tuuangalie mzizi wa Kiebrania. Mtaguso ukichagua, umechagua kwa mamlaka, si kwa hoja. Mimi siwezi kufungwa na hilo.

Dada wa Nyakato

Naomba kuchangia kwa upande wa vitabu vyenyewe vinavyoshikwa mkononi, kwa sababu nauza Biblia na maswali haya nayapata kila siku. Mwalimu ameeleza kwamba Luther hakuvitoa. Basi vilitokaje? Jibu lake ni fedha za uchapaji.

Biblia ya Kiingereza ya Mfalme Yakobo ya mwaka 1611 ilichapishwa ikiwa na Apokrifa katikati. Waanglikana katika Kifungu cha 6 cha imani yao walisema kama Yeronimo, kwamba visomwe kwa mfano wa maisha lakini visithibitishe fundisho. Wafuasi wa mapokeo ya Kalvini, hasa Waskoti, walikuwa wakali zaidi: ungamo la Westminsta la miaka ya 1640 lilisema havina mamlaka kuliko maandishi mengine ya wanadamu. Mwaka 1804 kikaanzishwa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje, kilichosaidia kuchapisha Biblia za bei nafuu kwa mataifa mengi. Katika nchi za Ulaya bara, vyama vilivyopokea misaada yake vilichapisha Biblia zenye Apokrifa, kwa kuwa Walutheri na Wakatoliki wa huko hawakununua isiyo nayo. Waskoti wachangiaji walipogundua hivyo walipinga kwa miaka kadhaa, na mwaka 1826 chama kikaamua kwamba fedha yake isitumike tena kuchapisha wala kusambaza Apokrifa.

Tangu hapo Biblia za chama hicho zilitoka na vitabu 66 tu, na hizo ndizo zilizosafiri na wamisionari. Biblia nzima ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1891 ilitoka kwa chama hichohicho. Wamisionari Waanglikana walifika Kageye, hapa kando ya Ziwa, mwaka 1877, wakaja kujenga Nassa, na kituo hicho kikakabidhiwa kwa AIM, misheni iliyozaa AIC, mwaka 1909. Mapadri Weupe nao walikuwa wameanza Bukumbi mwaka 1883, wakiwa na Biblia ya Kilatini. Kwa hiyo orodha zote mbili zilishuka kwenye ufuo mmoja katika kizazi kimoja, na babu zetu walizipokea bila kuambiwa safari yake.

Kwa Msomaji na kikundi chake: Biblia Habari Njema inapatikana kwa matoleo mawili, lenye Deuterokanoni, yaani vitabu hivi tunavyovijadili, na lisilo nayo, na kwa nje yanaweza kufanana. Usiangalie jalada, fungua ukurasa wa yaliyomo. Katika toleo la ushirikiano vitabu hivyo hukusanywa kati ya Malaki na Mathayo, kufuatana na makubaliano ya mwaka 1968 kati ya Vyama vya Biblia na Vatikano. Katika Biblia iliyopangwa kwa utaratibu wa Kikatoliki vimechanganywa na vingine: ukitoka Nehemia unakutana na Tobiti, na ukitoka Hekima unamkuta Sira kabla ya Isaya. Mama yule wa Kirumba alikuwa anapekua mahali sahihi kwa Biblia yake, na wenzake walikuwa wanapekua mahali ambapo kwa Biblia zao hapana kitu.

Mama Kulwa

Asanteni sana. Kwa hiyo baba wa kijana anasimama na Yeronimo, na binti yangu anasimama na Augustino. Je, kuna somo ambalo wote wawili wanaweza kulisoma?

Mwalimu wa Bukumbi

Lipo, Mama. Kitabu cha masomo ya ndoa cha Kanisa kinaruhusu kuchagua, na Mwanzo 2:18-24 limo humo pamoja na Tobiti. Na ukiisoma sala ya Tobia katika 8:6 utaona inamtaja Adamu na Hawa na kurudia neno lenyewe la Mwanzo, kwamba si vema mtu awe peke yake. Mzungumze na paroko mapema. Mzee anaweza kusoma Mwanzo, na Tobia akasomwa usiku wa kuamkia arusi nyumbani kwenu, ikiwa binti ataridhika.

Igoma Kwetu

Mimi nina swali kwa dada wa Malimbe. Yeronimo alisema havikuwa katika Kiebrania. Mbona nasikia kwamba vimepatikana?

Mwanafunzi wa Malimbe

Baadhi vimepatikana, ndiyo. Mwaka 1896 kurasa za Sira kwa Kiebrania zilitambuliwa kutoka chumba cha hati chakavu cha sinagogi la Kairo, na baadaye kipande chake kikapatikana katika ngome ya Masada. Katika mapango ya Kumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, kulikuwa na mabaki ya Tobiti, nakala nne za Kiaramu na moja ya Kiebrania. Wakati huohuo kitabu cha Esta hakikupatikana Kumrani hata kipande.

Lakini tahadhari, Kaka. Hilo linadhoofisha hoja kwamba vitabu hivyo vilitungwa kwa Kigiriki mbali na Wayahudi. Halithibitishi kwamba waliokuwa navyo walivihesabu kuwa Maandiko, kwani mapangoni humo palikuwa na kila aina ya maandishi, pamoja na kanuni za jumuiya yao. Na Hekima ya Solomoni ilitungwa kwa Kigiriki tangu mwanzo, hilo halina ubishi mkubwa.

Mtumishi wa Pasiansi

Basi niulize la mwisho. Agano Jipya linanukuu Agano la Kale mara nyingi na kusema "imeandikwa". Nionesheni mahali pamoja ambapo linasema hivyo juu ya kimojawapo cha vitabu saba.

Mwanafunzi wa Malimbe

Kwa maneno hayo, hapana. Lakini soma Waebrania 11:35, juu ya wale walioteswa wakakataa kufunguliwa ili wapate ufufuko ulio bora. Katika vitabu 39 huwapati watu hao. Ukisoma 2 Wamakabayo 7, unawakuta ndugu saba na mama yao, wakisema maneno hayo mbele ya mfalme. Mwandishi wa Waebrania amewaweka katika safu moja na Abrahamu na Musa.

Mtumishi wa Pasiansi

Amewataja kuwa ni watu wa imani. Hakusema kwamba kitabu kilichowasimulia ni Maandiko, na Yuda alimtaja Henoko bila ninyi kumpokea Henoko.

Mwanafunzi wa Malimbe

Ni pingamizi zuri, Mtumishi, na sina jibu la kulifunga. Nitasema tu kwamba linakata pande mbili: Esta, Mhubiri na Wimbo Ulio Bora navyo havinukuliwi na Agano Jipya kwa "imeandikwa", na bado vimo katika Biblia yako. Kwa hiyo lazima uwe na kipimo kingine zaidi ya nukuu.

Mtumishi wa Pasiansi

Kipimo changu ni Warumi 3:2, kama nilivyoanza.

Msomaji wa Kirumba

Nawashukuru nyote. Nitaupeleka uzi huu kwenye kikundi chetu, na nimemwomba mama yule arudie somo la Sira 38 wiki ijayo. Nimeagiza kwa Dada wa Nyakato nakala mbili zenye Deuterokanoni ili kila mtu aone maneno mwenyewe. Mtumishi, ukipata nafasi, tunakukaribisha uje uieleze Warumi 3:2. Tunakutana Jumatano baada ya kazi.